Evelina Mwingine

Loveness wa Maganzo alipopiga simu kuuliza kwa nini anaombwa urafiki mara ya pili, Evelina alikuwa amechuchumaa uani kwake, pale Ushirombo, akikunja vitenge vya kupeleka machimboni. Alicheka.

"Wewe nawe. Tumekua wote, nikuombe urafiki wa nini tena?"

"Ndiyo maana nakuuliza," Loveness akasema. "Ombi liko hapa kwenye simu. Jina lako, picha yako ile ya kitenge cha njano, hadi yale maneno yako ya kusema aliyepotea hutafutwa. Nimekubali, ukaniandikia, 'Habari dada.' Tangu lini nikawa dada kwako? Mimi ni shoga yako."

Kuna watu ambao wakiambiwa nyumba imevunjwa hukaa chini wakalia. Evelina ni wa kukimbilia dirishani kuona mwizi aliingilia wapi. Tabia hiyo ilimgombanisha na marehemu mumewe mara nyingi, maana hakuna mume anayependa kuulizwa alipitia njia gani kurudi nyumbani. Lakini tabia hiyo hiyo ndiyo iliyompa kazi ambayo hakuna aliyemwajiri kuifanya.

Biashara yake ni nguo. Anauza vitenge na suruali za kazi kwenye makambi ya wachimbaji wadogo, toka Bukombe hadi pembezoni mwa Bugarama. Mwanamke mwenye furushi la nguo huingia popote, hata kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, ambalo mgeni mwingine angeulizwa ametumwa na nani. Na kwa sababu anaingia popote, akina mama walianza kumpa picha za wana wao waliofuata dhahabu wakanyamaza. Jina halisaidii kitu huko. Kijana aliyebatizwa Valerian akishuka shimoni anakuwa Chuma, au Mzungu, au Sumu ya Panya, na mwenzake wa kamba moja anaweza kumaliza naye msimu mzima asijue jina la baba yake. Kinachosaidia ni sura. Basi Evelina huziweka sura hizo mtandaoni, kwenye ukurasa wake, na huwaonyesha wachimbaji huku wakipima suruali.

Wengine wamepatikana hivyo. Ipo picha ya Evelina amesimama katikati ya mama na mwanawe, wote watatu wanalia, nayo ilizunguka hadi Shinyanga mjini. Uso wake ukawa uso wa kuaminiwa, na kitu kinachoaminiwa hakikosi wa kukitamani.

Alipomaliza kuongea na Loveness alifungua mtandao, akaandika jina lake mwenyewe, akatafuta. Akajiona peke yake. Akatafuta tena, akabadilisha herufi, akaweka jina la ukoo mwanzo. Ni yeye tu, na Evelina mmoja wa Mbeya anayeuza sabuni.

"Simwoni," akamwambia Loveness.

"Mimi namwona. Ngoja nikutumie."

Picha ya skrini ikaja. Evelina akaikuza kwa vidole, akaitazama kwa muda mrefu, na ukweli ni kwamba jambo la kwanza alilolisikia halikuwa hasira. Lilikuwa udadisi, wa ile aina yake ya kumfanya mtu asahau chungu motoni. Yule mtu alikuwa amechagua picha. Aliacha ya ubarikio wa Davis, mwanawe, ambayo Evelina aliipenda kuliko zote. Aliacha zile za vitenge vya kuuza. Alichukua yenye machozi, akachukua na mbili alizopiga na akina mama waliopata watoto wao, akaziweka juu kabisa. Alijua anachokitaka. Na kama Loveness anamwona huku mwenye sura hamwoni, maana yake ni moja: mwizi amemzuia Evelina asiingie. Amejenga nyumba inayofanana na ya mwenzake, kisha akamfungia mwenye nyumba nje.

Hapo ndipo hasira ilipofika, ikiwa imechelewa lakini imeshiba.

Kama Evelina angekuwa mtu wa Dar es Salaam, pengine angekaa kimya akatafuta mwanasheria. Lakini huku kwetu anayeibiwa hanyamazi. Ng'ombe akichukuliwa zizini, mwenye zizi hupiga mwano, ile kelele ya Kisukuma inayotoka tumboni, na kila anayeisikia huacha jembe akaipokea, akaipeleka kwa jirani, hadi njia zote za wilaya zinakuwa na watu. Anayesikia mwano akabaki kitandani hutozwa faini na sungusungu, walinzi wa kijiji. Basi Evelina akaingia kwenye kundi la WhatsApp la wanajumuiya na majirani, akapiga mwano wake. Akasema kuna mtu anatumia jina na picha zake, wenzangu nisaidieni, mripotini.

Aliyepokea kwa sauti kubwa alikuwa Mwigulu, kamanda wa sungusungu wa kijiji walichokulia Evelina na Loveness, mzee asiyejua kuandika ujumbe mfupi kwa hiyo hutuma wa sauti. "Mwano umelia," alisema, na nyuma yake jogoo alisikika. "Mama Davis ameibiwa sura. Kila mwenye simu atoke. Ambaye hataripoti tutamjua."

Wakatoka. Ee Mungu, walitoka. Wanakwaya walitoka, wauza dagaa walitoka, mafundi wa karasha, ile mashine ya kusaga mawe, kule machimboni walizima mashine wakatoa simu mifukoni. Wengine waliandika kwenye kurasa zao, kwa herufi kubwa, kwamba Evelina wa bandia siku zake zimehesabika. Kundi likajaa ripoti za ushindi: nimeripoti, nimeripoti, na mimi nimeripoti, na mama mkwe nimemripotishia. Evelina alilala akiwa amefarijika, akijiona mtu mwenye watu.

Asubuhi alipofungua ukurasa wake, haukufunguka.

Mtandao ulimwandikia kwa adabu kubwa kwamba kuna wasiwasi kuhusu akaunti hii, na kabla ya kuendelea inambidi athibitishe kuwa yeye ndiye. Ukamtaka ashike simu mbele ya uso, ageuke kushoto, ageuke kulia, atazame juu. Evelina akafanya yote hayo uani, kuku wakimtazama. Ukamtaka kitambulisho, akapiga picha kile cha NIDA. Kisha ukamwambia asubiri.

Alisubiri huku akiwaza. Nani kamfungia? Akampigia Loveness, akampigia mwalimu wa kwaya, akampigia Mwigulu, na kila mmoja akaulizwa na Evelina swali moja tu: ulifanyaje ulipomripoti?

"Niliandika jina lako," Mwigulu akasema. "Ukatokea. Nikakuripoti."

"Nilitokea mimi au yeye?"

Upande wa pili jogoo aliwika.

"Mama Davis," Mwigulu akasema polepole, "mlikuwa mnafanana."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wote walikuwa marafiki zake, na rafiki akitafuta jina, mtandao humletea kwanza yule anayemfahamu. Wakamkuta Evelina wa kweli, wakamwona ana picha ya kitenge cha njano kama walivyoelezwa, wakamshukia kwa umoja ambao maaskofu huuombea. Evelina hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili kidogo kidogo. Mwigulu alijisikia vibaya kiasi cha kutaka kujitoza faini mwenyewe.

"Tumefuata nyayo za ng'ombe wetu," alisema. "Tumejifikisha zizini kwetu, tukajikamata."

Na lilikuwepo la pili, baya zaidi. Mwizi naye ana masikio. Zile herufi kubwa kwenye kurasa za watu alizisoma, maana Loveness alipojaribu kumtazama tena hakumwona. Wote waliopiga kelele hadharani walizuiwa. Mwano humfukuza mwizi wa ng'ombe kwa kuwa mwizi wa ng'ombe ana miguu na ng'ombe ana kwato. Huyu alizima taa tu, akabaki palepale akiendelea na shughuli zake.

Ukurasa wa Evelina ulifunguliwa siku iliyofuata. Safari hii hakumwambia mtu chochote. Aliketi na simu kama anavyoketi na kitambaa kigeni, akikigeuza pande zote. Alifungua kurasa za msaada za mtandao akazisoma, zile ambazo hakuna anayezisoma, akabonyeza kila kitufe kuona kinampeleka wapi. Akagundua kwamba malalamiko hayahesabiwi kama kura. Watu mia wakiripoti mahali sipo au kwa sababu isiyo yake, hawamshindi mmoja aliyeripoti penyewe. Akagundua kwamba jina si kitu, kwa kuwa majina hufanana. Kila ukurasa una anwani yake huko juu, na anwani hazifanani kamwe. Ya kwake iliishia na jina lake. Ya mwizi lazima iishie na kitu kingine. Na ipo njia hata kwa aliyezuiwa: kuna fomu ya kueleza kwamba mtu anajifanya mimi, unaweka kitambulisho. Lakini fomu nayo iliuliza swali lile lile. Anwani ya ukurasa huo ni ipi?

Akampigia Loveness. "Ulinakili anwani?"

"Anwani ipi? Mimi nilipiga picha ya uso wako."

Alikwenda kituo cha polisi. Askari mmoja, mama mtu mzima, aliandikisha malalamiko yake, akamwambia kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa la jinai, akampa namba ya jalada. "Ila nakuomba jambo," akasema. "Ukimpata, usikimbilie kumfuta. Piga picha kila kitu kwanza: anwani, anachoandika, namba anazotaka pesa zitumwe. Akishafutwa na ushahidi unaondoka naye. Na huyo wa kukusaidia kumwona, mtafute miongoni mwa waliokaa kimya. Waliopiga kelele wote amewafungia."

Waliokaa kimya. Evelina alirudi nyumbani akaitazama upya picha aliyotumiwa na Loveness, safari hii asitazame uso wake. Chini kabisa, pale ambapo skrini ilikatwa, palikuwa na maoni ya mtu mmoja: "Asante mwanangu Mungu akulinde." Jina lilikuwa Mageni, wa Kolandoto.

Alimkumbuka. Mama mmoja mwembamba, mjane, aliyemletea picha ya kijana anayeitwa Thobias akiwa amevaa fulana nyekundu. Thobias alikwenda machimboni, akarudi mara moja na simu ya kugusa akampa mama yake zawadi, akamfungulia mwenyewe ukurasa na kumfundisha kuandika. Kisha akaondoka tena, na tangu hapo kimya. Evelina aliweka ile picha mtandaoni, akaionyesha kambi zote alizopita msimu ule. Hakuna aliyeijua sura ile. Kisha zikaja picha nyingine.

Alimpigia. "Shikamoo mama. Ni Evelina, wa Ushirombo."

"Marahaba," sauti ikasema, na ikasita. "Evelina? Mbona tumeongea asubuhi hii?"

"Hatujaongea, mama. Huyo si mimi. Ndiyo maana nimepiga."

Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Evelina alijua maana yake. Kama yule anayeandika asubuhi ni tapeli, basi na habari anazoleta ni za tapeli, na mama gani anataka kusikia hivyo kwa simu? Akaacha vitenge, akasafiri kwenda Kolandoto.

Alimkuta Mageni ameketi kwenye kigoda mlangoni, akichambua choroko kwenye ungo. Mageni alimtazama usoni, akachukua simu iliyokuwa kwenye khanga, akaifungua, akatazama skrini, akamtazama tena.

"Unafanana naye," akasema.

"Ni mimi, mama. Yeye ndiye anayefanana na mimi."

"Hm." Mageni akasogeza ungo. "Kaa. Umekula?"

Walikula kwanza, ugali na mlenda, kwa kuwa huko jambo zito haliongelewi na mgeni mwenye njaa. Evelina alikula huku macho yake yakikimbilia ile simu. Alikuwa na hamu ya kumwona mwenzake, hamu ya ajabu, kama mtu anayesikia kwamba mahali fulani yupo pacha wake. Mageni alipomaliza kunawa alimpa simu bila kuombwa.

Ndiye huyo. Kitenge cha njano, machozi, jina. Juu, kwenye anwani, baada ya jina la mtandao palifuata mnyororo wa tarakimu tupu. Evelina akafungua maongezi, akaanza kuyasoma.

Yule mtu aliandika kila asubuhi. Hakukosa siku. "Shikamoo mama, umeamkaje. Thobias hajambo anakusalimia." "Shikamoo mama, Thobias leo amekunywa uji." Kijana alikuwa amepatikana, kwa maneno ya Evelina huyo, yuko hospitali kule Geita, aliangukiwa na kifusi, hawezi kushika simu, zinatakiwa hela za matibabu kwenye namba hii. Na kila zilipotakiwa, Mageni alijibu kwa upole kwamba anapeleka ng'ombe mnadani wiki ijayo. Wiki ijayo ng'ombe aliumwa. Iliyofuata mnunuzi alitaka kumpunja. Iliyofuata mvua ilikata njia. Tapeli akasubiri, akaendelea kusalimia.

"Mama," Evelina akasema, akitafuta njia ya kulifikisha. "Hao ng'ombe umeshauza?"

"Ng'ombe gani?" Mageni akauliza. "Umeona zizi hapa?"

Evelina akageuka kutazama uwanja. Palikuwa na kuku na banda la mbuzi lisilo na mbuzi.

"Sijawahi kuwa na ng'ombe toka mume wangu afariki," Mageni akasema. "Siku ya tatu tu nilimuuliza, Thobias ana kovu upande gani? Akasema mguu wa kushoto. Mwanangu hana kovu. Alikuwa mtoto mwoga, hapandi hata mti."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaendelea kumjibu."

Mageni alichukua konzi ya choroko, akaitawanya kwenye ungo ingawa ilishachambuliwa. "Unajua watu wanavyonisalimia hapa? Wanaanza, mama hujambo, kuku hawajambo, shamba je, binti yako wa Shinyanga hajambo. Wanamtaja kila mtu. Wakifika kwa Thobias wanaruka. Wananionea huruma, hawataki kunitonesha. Hata padri anaruka. Hata wewe ulipiga simu ile, hukumuulizia." Alisema bila kulaumu, kama anayeeleza habari za mvua. "Huyu mwizi peke yake ndiye aliyekuwa ananiambia kila siku, Thobias hajambo. Najua ni uongo. Lakini ni nani mwingine alikuwa anamtaja?"

Evelina alikuwa amekuja kumwokoa mama huyu asitapeliwe, akamkuta amemchezea tapeli kwa ng'ombe wasiokuwepo. Alihisi aibu, na aibu hiyo haikuwa ya kuibiwa picha. Mwenye uso wake wa bandia alikuwa akiuliza hali kila asubuhi, naye mwenye uso wa kweli alishahamia kwenye picha nyingine.

"Wewe ndiye pekee anayemwona," alisema mwishoni. "Mimi amenifungia, na wenzangu wote. Nataka utusaidie kumwondoa."

"Nikimwondoa atanyamaza?"

"Atanyamaza."

Mageni akatikisa kichwa. Si kwa kukataa kabisa. Kama mtu anayeambiwa azime moto wakati kuna baridi. Evelina hakumsukuma. Alirudi kwenye simu, akaanza kupiga picha za skrini alivyoelekezwa na yule askari: ukurasa wenye anwani yake, maongezi, namba ya pesa. Udadisi ukamfanya ashuke hadi kwenye maoni ya watu, amwone nani mwingine amenaswa. Akamkuta Serafina, mama wa Runzewe, ambaye picha ya mwanawe Ezekiel ilikuwa kwenye ukurasa wa Evelina tangu mfungo. Serafina alikuwa ameandika, "Nashukuru sana dada, mume wangu amekubali, tunampeleka yule ng'ombe mnadani keshokutwa."

Akamsomea Mageni.

"Huyo ana ng'ombe kweli?" Mageni akauliza.

"Anaye. Nimemwona kwa macho. Mmoja, wa maziwa."

"Anajua ni mwizi?"

"Hajui. Anadhani ni mimi."

Mageni akafuta mikono kwenye khanga, akanyoosha kiganja. "Lete hiyo simu. Nionyeshe nibonyeze wapi."

Evelina alimpigia Serafina kwanza, kwa sauti, hakuandika, akamwambia asiuze kitu wala asitume kitu. Alipokata simu wakaanza. Mageni alitaka kuelewa kila hatua, naye Evelina alifurahi kumpata mtu wa kuuliza kama yeye. Walifungua ukurasa wenyewe, hawakulitafuta jina. Walibonyeza vitone vitatu vilivyo pembeni, wakanakili anwani na Mageni akamtumia Evelina. Wakachagua kuripoti ukurasa. Mtandao ukauliza tatizo ni nini, wakachagua kwamba anajifanya mtu mwingine.

"Anauliza anajifanya nani," Mageni akasema. "Kuna mimi, kuna rafiki, kuna mtu maarufu."

"Rafiki."

"Wewe si maarufu?"

"Si kwa mtandao, mama."

Wakachagua rafiki. Mtandao ukataka kuonyeshwa rafiki huyo ni yupi, na Mageni, ambaye alikuwa na Evelina wawili kwenye orodha yake, akasimamisha kidole hewani. Hapo ndipo kijiji kizima kilipopotea. Evelina akamwonyesha: yule ambaye anwani yake inaishia na jina. Mageni akamtazama aliyeketi mbele yake, akatazama skrini, akabonyeza.

Kwenye simu yake, Evelina naye alijaza ile fomu, akaweka anwani yenye tarakimu na kitambulisho chake. Ile namba ya pesa aliipeleka kwa watu wa mtandao wa simu wanaopokea taarifa za matapeli, na nakala ya kila kitu akamtumia yule askari. Mwisho akaficha orodha ya marafiki kwenye ukurasa wake, kwa kuwa sasa alielewa mwizi alikojua nani wa kumwandikia. Kundi la WhatsApp hakuliambia neno. Mwigulu alipouliza kama sasa wapige mwano, alimjibu, "Ukiona nimenyamaza, jua nawinda."

Jibu la mtandao lilikuja wakati yuko njiani kurudi. Ukurasa umeondolewa. Evelina alipiga simu Kolandoto.

"Najua," Mageni akasema. "Nimemwandikia, hayupo. Hata uso hauonekani, ni kivuli tu."

Aliyejifanya Evelina hakujulikana siku hiyo, na labda hatajulikana. Jalada lipo polisi na namba ya pesa ilikuwa imesajiliwa kwa mtu ambaye naye alisema kitambulisho chake kilitumiwa bila yeye kujua. Evelina angependa sana kumjua. Angemuuliza maswali mengi kabla ya kumtukana.

Asubuhi iliyofuata aliamka, akawasha jiko, akakaa na simu. Akafungua ukurasa wake mwenyewe, ule unaoishia na jina, akamwandikia Mageni. "Shikamoo mama. Umeamkaje?"

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilisema, "Wewe ni nani?"

"Evelina."

"Wote wanasema Evelina. Piga nisikie sauti."

Akapiga. Simu ililia mara moja tu ikapokelewa, kumbe ilikuwa mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo wewe. Haya, salimia."

"Umeamkaje? Kuku hawajambo?"

"Hawajambo."

"Binti yako wa Shinyanga?"

"Hajambo."

"Thobias hajambo?"

Kule Kolandoto ungo ulisikika ukiwekwa chini.

"Sijui, mwanangu," Mageni akasema. "Kwa kweli sijui kama hajambo." Akaanza kueleza jinsi Thobias alivyoogopa kupanda mti hadi wenzake wakawa wanamchumia maembe, na Evelina akasogeza vitenge pembeni, akakaa chini kumsikiliza.